Kitambaa Nyuma ya Mgeni Rasmi

Sherehe ikishapita, kinachobaki ni picha. Baada ya siku mbili tatu zinaanza kuzunguka kwenye simu za wanakikundi: mgeni rasmi kasimama kwenye mimbari, kidole juu, anasisitiza jambo, na pembeni mwa masikio yake zimetokeza herufi mbili upande huu na tatu upande ule, zisizosomeka kuwa neno lolote. Nembo iliyoigharimu kamati vikao viwili imefichwa na bega. Chini kabisa, palipoandikwa tarehe na kaulimbiu, panaonekana miguu ya viti na chupa za maji.

Mpiga picha hana kosa hapo. Bango lilichorwa kwenye kompyuta, likatumwa kwa wanakamati kwenye simu, likapitishwa, na muda wote huo hapakuwa na mtu aliyesimama mbele yake. Bango la barabarani huonekana lote. La jukwaani huonekana kile kinachosalia baada ya watu kukaa na kusimama mbele yake. Kwa hiyo anayelichora inampasa aanze na watu, kisha aende kwenye kitambaa na mishono yake, na mapambo yaje mwisho kabisa.

Tuchukue mfano mmoja na tuende nao mpaka mwisho. Kikundi cha kuweka na kukopa, mojawapo ya vile vya VICOBA, kinatimiza miaka kumi. Ukumbi wa kata una takriban mita 20 kutoka jukwaani hadi safu ya mwisho ya viti. Jukwaa limeinuliwa sentimita 80 kutoka sakafu ya ukumbi, na nyuma yake pana nafasi ya kitambaa chenye upana wa mita 6 na kimo cha karibu mita 3. Meza kuu itakaa katikati kuelekea kulia, wageni wakiwa mita moja mbele ya kitambaa. Mimbari itakuwa kushoto, mita 2 mbele ya kitambaa. Maneno makuu yameshakubaliwa: MIAKA KUMI YA KUWEKA NA KUKOPA.

Swali la kwanza si rangi gani. Swali la kwanza ni kichwa cha msemaji kitaficha kitambaa mpaka wapi.

Anayeketi ukumbini humtazama msemaji kutoka chini kwenda juu. Mstari unaotoka jichoni mwake na kupita utosini mwa msemaji hauishii pale utosini. Unaendelea kupanda mpaka ugonge kitambaa, na kilicho chini ya hapo, nyuma ya msemaji, mtazamaji huyo hakioni. Tuweke namba. Jicho la mtu aliyeketi liko kama mita 1.2 kutoka sakafuni. Msemaji mwenye kimo cha mita 1.7, akisimama juu ya jukwaa la sentimita 80, utosi wake uko mita 2.5 kutoka sakafu ileile. Tofauti ni mita 1.3. Kama safu ya mbele iko mita 4 kutoka kwenye mimbari, mstari unapanda mita 1.3 katika mita 4 hizo, na katika mita 2 zilizobaki hadi kwenye kitambaa unapanda nusu yake, yaani sentimita 65. Unagonga kitambaa mita 3.15 kutoka sakafu ya ukumbi. Ukitoa kimo cha jukwaa, ni mita 2.35 kutoka mguu wa kitambaa.

Kwa hiyo kitambaa cha karibu mita 3 tayari kimebakiwa na zaidi kidogo ya nusu mita tu iliyo salama kwa kila mtu. Aliyeketi safu ya mwisho ana nafuu, kwa sababu mstari wake haupandi sana: kwake msemaji anaficha hadi kama mita 1.85 tu. Ila huwezi kuchora bango la safu ya nyuma peke yake wakati wanaoketi mbele ndio walioalikwa kwa kadi.

Kuna njia rahisi ya kulegeza hesabu hiyo, nayo ni kuisogeza mimbari. Ikiwa mita 1 kutoka kwenye kitambaa badala ya 2, kivuli hicho cha macho kinashuka hadi kama mita 1.95 na unajipatia sentimita 40 za kuandika. Lakini usiisogeze zaidi ya hapo. Msemaji akikaribia mno, taa za mbele zinatupa kivuli chake halisi juu ya kitambaa, kivuli cheusi kinachotikisa mikono kila anapotikisa yeye. Katika ukumbi wetu tuiache mita 2, kwa sababu jukwaani lazima pawe na njia ya kupita nyuma ya msoma risala.

Walioketi pembeni nao wana hesabu yao. Mtu aliye mita 5 kulia kwa mstari wa mimbari, akiwa umbali wa mita 6 kutoka hapo, anamwona msemaji akiwa amesogea kushoto juu ya kitambaa kwa karibu mita 1.7. Wa upande wa pili anamwona amesogea kulia. Msemaji mmoja, kwa macho ya ukumbi mzima, anafagia zaidi ya mita 3 za upana. Ndiyo maana ule ujanja wa kusema "tuandike pembeni, mbali na mimbari" hausaidii sana: kilicho pembeni kwako kiko nyuma ya msemaji kwa mwenzako. Na kwenye kingo zenyewe kuna spika zilizosimama kwenye miguu yake, maua, mapazia ya kupambia. Sentimita 30 za kila upande zihesabu kama hazipo.

Wageni wa meza kuu wao ni rahisi. Wameketi karibu na kitambaa, vichwa vyao viko kama mita 1.3 juu ya jukwaa, na mtu wa safu ya mbele anawaona wakificha hadi mita 1.5 hivi. Tafsiri yake ni kwamba nusu nzima ya chini ya kitambaa, kutoka mwanzo wa sherehe hadi mwisho, si mahali pa kuandika chochote. Hapa kuna mtego kwa wenye mapenzi na khanga. Kwenye khanga jina hukaa chini, ndani kidogo ya pindo, na jicho letu limeshazoea kulitafuta huko. Bango likipangwa kwa mazoea hayo, kaulimbiu inaishia nyuma ya mabega ya diwani.

Asiyependa hesabu afanye jaribio hili. Nenda ukumbini na mwenzako mwenye kimo cha kawaida. Asimame pale mimbari itakapokuwa. Wewe keti kiti cha safu ya mbele, katikati, kisha kulia kabisa, kisha kushoto kabisa, kisha nyuma, na kila mahali piga picha kwa simu ukiwa umeketi. Mtu wa tatu asimame ukutani na ufagio, ashushe mpini polepole mpaka ncha yake ipotee nyuma ya kichwa cha mwenzako, na pale aweke alama ya chaki. Alama ya juu kuliko zote ndiyo mpaka wako, na maandishi yote ambayo hayaruhusiwi kupotea yakae juu yake.

Katika mfano wetu, basi, maneno makuu yanakaa kati ya mita 2.4 na 2.65. Yana sentimita 25 za kimo, na hilo linatosha? Kanuni inayotumiwa na wachora mabango ni inchi moja ya herufi kwa kila futi kumi za umbali, ambayo kwetu ni kama sentimita 0.8 kwa kila mita. Kwa aliye mita 20, sentimita 16 zinasomeka bila kukaza macho. Tuna 25. Upana nao unatosha: herufi na nafasi za sentensi ile ni 30, na kwa mwandiko mwembamba kiasi zinaingia katika mita 5.3 tukiacha kingo. Chini ya mstari huo, kati ya mita 2.1 na 2.25, ndipo linapokaa jina la kikundi na mwaka, kwa herufi ndogo zaidi. Hapo safu ya mbele itapoteza silabi chache msemaji akiwa amesimama. Inavumilika, kwa sababu walioketi mbele wanajua wako kwenye sherehe ya nani.

Juu ya mita 2.65 tumeacha robo mita tupu. Wanakamati wengi huiona ni hasara. Sio. Huko ndiko kuna pindo, bomba la kutundikia, kitambaa cha mpambaji kitakachoning'inizwa bila kukuuliza, na taa.

Sasa picha. Mpiga picha aliye mita 8 kutoka kwenye mimbari, akimpiga msemaji kuanzia kifuani, anachukua upana wa mita 1.4 hivi pale alipo msemaji, na juu ya kitambaa kilicho nyuma fremu yake inameza kama mita 1.75 tu. Kimo chake kwenye kitambaa ni kutoka takriban mita 1.1 hadi 2.1. Ona: maneno yetu makuu, yaliyo mita 2.4, hayamo. Ukumbi unayasoma vizuri kabisa, lakini picha itakayochapishwa gazetini au kutumwa kwenye kundi la wanachama haitakuwa na neno hata moja la kueleza shughuli ilikuwa nini. Hapa ndipo mabango mengi yaliyopangwa vizuri hukwama, kwa kuwa aliyeyapanga aliwaza viti akasahau kamera.

Dawa yake ni alama mbili ndogo. Kila upande wa mimbari, katikati ya alama ikiwa sentimita 60 kutoka mstari wa katikati wa msemaji, weka nembo ya kikundi na chini yake "Miaka 10", upana wote usizidi sentimita 35, kimo kati ya mita 1.55 na 1.9. Mabega ya msemaji yanafunika kama sentimita 60 za kitambaa katika fremu ile, hivyo alama zote mbili zinaonekana, moja kila upande. Akiegemea kushoto anaificha moja, ya pili inabaki. Kutoka kwenye viti alama hizo ni ndogo na hazimshughulishi mtu. Kwenye picha ndizo zinazobeba jina lote.

Kikao cha kupitisha mchoro ndipo mvutano unapozuka, na karibu kila mara ni juu ya picha za watu.

"Fundi, na picha za waasisi wetu umeziweka wapi?"

"Mama Mwenyekiti, zikikaa chini zitafichwa na meza kuu. Zikikaa juu ya meza kuu zitakuwa vichwa juu ya vichwa."

"Si uwapandishe tu kidogo?"

Wakipandishwa kidogo wanafika mita 1.5 hadi 2.1, na uso wenye kimo cha sentimita 60 ni zaidi ya mara mbili ya uso wa mtu aliyeketi chini yake. Kwenye kila picha ya meza kuu, mgeni rasmi ataonekana kama anachunguliwa na jitu. Rai yangu ni kwamba picha za waasisi zikae mlangoni, kwenye ubao wao wenyewe, ambako watu watasimama mbele yao kwa makusudi na kupiga nao picha. Kamati isipokubali, basi uso mmoja tu, kulia kabisa, nje ya meza kuu, na picha yenyewe iwe nzima. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa. Upande wake mrefu mara nyingi hubaki na pikseli 1600 hivi. Ikitanuliwa hadi upana wa mita 1.5, kila pikseli inakuwa karibu milimita moja, na kwa aliye safu ya mbele ukope wa mtu unakuwa ngazi. Mwambie mwenye picha aitume kama dokumenti. Ni kugusa kitufe kingine tu.

Kuhusu rangi ya nyuma ya nyuso nina msimamo, na sipendi kuulegeza: isiwe nyeupe. Kamera ya simu hupima mwanga wa fremu nzima; ikikuta weupe mwingi inadhani pana mwanga kupita kiasi, inapunguza, na uso wa mtu mweusi unakuwa giza lenye meno. Weusi mtupu nao unazimeza nywele na koti. Rangi ya kati, kama bluu ya wastani, kijani kibichi kilichotulia au udongo, huuacha uso ujitokeze. Na isiwe na mistari myembamba iliyosongamana, kwa sababu kwenye video mistari hiyo hucheza na kutoa mawimbi ambayo hayapo kitambaani. Mapambo yakae makubwa na yaliyofifia.

Mpaka hapa kazi ilikuwa ya macho. Sasa twende dukani, na kwanza tuseme kwa nini kitambaa na si fleksi, maana fleksi ni rahisi kwa bei na inapatikana kila mtaa. Fleksi ni plastiki, inang'aa. Taa ya jukwaani au mwako wa kamera ukiigonga unarudi kama doa jeupe katikati ya maandishi, na mikunjo yake haiondoki kirahisi. Nje, barabarani, inafaa. Ndani, nyuma ya watu wanaopigwa picha, kitambaa kinaishinda.

Lakini kitambaa kina masharti. Uchapaji unaotumika zaidi kwa mabango ya namna hii ni ule wa sablimesheni. Mashine inachapa mchoro kwenye karatasi, kisha karatasi na kitambaa vinapitishwa pamoja kwenye moto wa karibu nyuzi 200 za sentigredi. Wino unageuka hewa na kuzama ndani ya nyuzi, kisha ukipoa umekaa humo humo. Haubanduki, na kitambaa kinabaki laini. Sharti lake ni kwamba nyuzi hizo ziwe za poliesta. Pamba haishiki wino huu. Kamati inayojaribu kuokoa fedha kwa kununua jora la marekani sokoni na kulipeleka kwa mchapaji itarudishiwa jora lake. Tetroni, ambayo ni mchanganyiko, ni mbaya zaidi kwa sababu inadanganya: nyuzi za poliesta zinashika, za pamba zinaachia, na rangi inatoka imepauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi.

Sharti la pili ni kuwa hakuna wino mweupe. Weupe wowote utakaouona kwenye bango ni kitambaa chenyewe kisichoguswa. Kwa hiyo huwezi kununua kitambaa cha bluu ukataka kiandikwe kwa nyeupe. Unanunua cheupe na kuchapa bluu yote kuzunguka herufi. Na kwa kuwa wino ulikuwa hewa, hutambaa kidogo kwenye kingo. Herufi nyeupe nene hazijali. Nyembamba, zenye mikia ya madaha, hubanwa na bluu pande zote na kuonekana zimekonda kuliko ulivyozichora. Mwandiko mnono, usio na mikia, ndio unaovuka salama.

Bluu yenyewe ina hila yake. Inatengenezwa kwa wino wa siani na wa majenta, na majenta ikizidi, bluu ya skrini inatoka zambarau kitambaani. Wachapaji wenye uzoefu huacha tofauti ya angalau asilimia 30 kati ya hizo mbili, siani ikiwa juu. Usijaribu kuamua rangi kwa kuangalia ile karatasi kabla haijapita motoni, maana hapo wino huwa umefifia na hautambuliki. Omba kipande cha majaribio cha sentimita 30 kwenye kitambaa kilekile, kikiwa na rangi ya nyuma, herufi chache nyeupe na kipande cha uso kama upo. Kipeleke ukumbini, kitundike, kipige picha kwa simu ya kawaida. Hiyo ndiyo rangi utakayoipata.

Sharti la tatu ndilo lenye uzito zaidi katika mfano wetu: upana wa jora. Zipo mashine za mita 3.2, ila mtaani nyingi ni za mita 1.6 hivi, na kitambaa chenye upana huo hakichapiki hadi ukingoni. Bango letu la mita 6 kwa karibu 3 halitoki kwa mkupuo mmoja. Litashonwa. Fundi akiachiwa aamue, mara nyingi atalikata kwa vipande vinne vya wima, kwa sababu mshono wa wima huning'inia vizuri na hujificha kwenye mikunjo. Sawa, lakini mishono mitatu ya wima itapita katikati ya MIAKA KUMI YA KUWEKA NA KUKOPA mara tatu, na kila pale panapopishana nusu sentimita, herufi inakatika shingo.

Afadhali vipande viwili vya mlalo, kila kimoja mita 6 kwa urefu. Mshono ni mmoja tu, nao unapita katikati ya kimo, karibu na usawa wa vichwa vya meza kuu. Hiyo ni ile mita 1.5 tuliyokwisha kuiandika kuwa si mahali pa kitu. Mpaka wa macho na mpaka wa jora vinakutana karibu sehemu moja, na maandishi yote, pamoja na zile alama mbili za kamera, yanabaki kwenye kipande cha juu bila kukatwa. Kinachohitajika ni kupunguza kidogo. Kila kipande kiwe na sentimita 145 zinazoonekana, ongeza 5 za pindo la nje na 2 za mshono, jumla 152, na jora linatosha. Bango zima linatoka kimo cha mita 2.9. Pindo la juu na la chini lishonwe kwa mfuko wa kupitisha bomba. La chini lazima, kwa sababu mshono wa mlalo una tabia ya kukunjamana, na taa ya juu hukuza kila mkunjo. Uzito wa bomba la chini huunyoosha.

Moto wa kuchapia nao hufanya kitambaa kirudi. Asilimia moja tu ya mita 6 ni sentimita 6. Vipande viwili vilivyochapwa siku moja kutoka jora moja hurudi pamoja na hukutana. Kimoja kikiharibika na kurudiwa wiki inayofuata kutoka jora jingine, pambo linalovuka mshono halitakutana tena, na rangi nayo itatofautiana. Basi pambo lisivuke mshono.

Upande wa faili hauna mengi. Chora kwa kipimo cha moja kwa kumi, yaani sentimita 60 kwa 29, kwa sababu ukurasa wa kawaida wa PDF unakomea mita 5.08 na bango letu linazidi hapo. Andika kipimo hicho kwenye jina la faili na umwambie mchapaji kwa mdomo pia. Nembo iwe ya mistari, ile inayotanuka bila kuvunjika, si picha iliyokatwa kutoka kwenye barua. Maandishi yageuzwe kuwa maumbo ili kompyuta ya dukani isibadilishe mwandiko.

Bango likitoka dukani lisikunjwe. Livingirishwe kwenye bomba la plastiki la inchi 4 na lisafiri hivyo hata kama ni kwa bajaji, likichungulia nje. Litundikwe jioni kabla ya siku yenyewe. Bomba la juu la mita 6 likishikwa ncha mbili tu hulegea katikati na mstari wa maandishi unakuwa tabasamu, kwa hiyo liwe na mshikio wa tatu. Mikunjo iliyobaki inyooshwe kwa mvuke, au pasi ya moto mdogo kwa upande wa nyuma. Kisha zima taa, mtu aende nyuma ya kitambaa na tochi ya simu. Ukiona duara la tochi kwa mbele, basi dirisha lililo nyuma yake nalo litaonekana saa nne asubuhi, nondo kwa nondo. Kitambaa cheusi chochote kikining'inizwa nyuma kinamaliza tatizo hilo.

Kuna faida moja ya mshono wa mlalo ambayo kamati hugundua mwaka unaofuata. Kipande cha chini hakina neno, hakina mwaka, na muda mwingi hufichwa na viti. Tangu mwanzo kikichapwa rangi iliyokolea zaidi kuliko cha juu, kwa makusudi na kwa tofauti inayoonekana, hakuna atakayetarajia rangi zilingane. Sherehe ya miaka kumi na moja, fundi anafumua mshono, anachapa upya kipande cha juu peke yake, na kulipa ni nusu.